Picha ya fundi cherehani imekatwa kwa kubana, nataka kuipanua kulia na kushoto iwe bango. Prompti iandikweje?

Kipepeo_Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina picha ya mama fundi cherehani amekaa barazani kwake, cherehani mbele yake, anaangalia kamera. Ni picha nzuri mno, lakini ni ya wima, pikseli 1080 kwa 1350, na imebanwa. Kushoto kiwiko chake kimekatwa pamoja na nusu ya gurudumu la cherehani. Kulia kuna ukuta tu, na kivuli chake ukutani nacho kimekatwa na ukingo wa picha. Mteja (kikundi cha akina mama mafundi) anataka bango la mlalo la ukurasa wao, 1920 kwa 1080, na maandishi yakae upande wa kulia.

Natumia ComfyUI na modeli ya SDXL ya inpainting. Nimeweka nodi ya `Pad Image for Outpainting`, halafu kwenye prompti nikaandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "panua picha hii kulia na kushoto, linganisha mwanga, mistari na mandhari ya nyuma". Kilichotoka: kulia limeota dirisha lenye jua kali na rafu ya vitenge, kushoto kiwiko kimegeuka kuwa kitu kama mto wa kochi. Ukuta ule chini umepakwa rangi ya mafuta ya kahawia na juu chokaa ya samawati, mnajua zile kuta zetu. Mstari unaotenganisha rangi mbili umevunjika pale picha ya zamani inapoishia na mpya inapoanzia.

Nikibadilisha maneno ya prompti nabadilishiwa dirisha tu. Naomba mwongozo.

---

mtu_wa_printi

Dada, picha ya 1080 kwa bango ni ndogo sana. Itapasuka ukichapa. Ikuze kwanza mara nne kwa programu ya kukuza, halafu ndipo uanze mambo mengine. Bango la mita mbili linahitaji faili kubwa.

---

Kipepeo_Tanga

Asante kaka, ila hili si la kuchapa, ni bango la juu ya ukurasa wa mtandaoni. Ukubwa wa 1920 unatosha. Shida yangu ni pembeni mwa picha, hakuna kitu pale, na ninachojaziwa hakifanani na picha.

---

JuaKali_Eldoret

Mimi natumia Photoshop, `Generative Expand`, na siri yangu ni moja: usiandike kitu. Acha kisanduku cha prompti kitupu, itasoma picha yenyewe na kuendeleza. Ukianza kuandika maneno ndipo inakuletea madirisha. Kwa upande wako wa ComfyUI punguza `denoise` ifike 0.6 ili isiwe na uhuru mwingi. Pia andika "no window, no shelf, no people". Hiyo itamaliza kazi.

---

mchora_mabango

Kipepeo, kabla ya yote: je, faili hii ndiyo ya asili? Kama mpigapicha alikata kwenye simu yake na hakuhifadhi nakala tofauti, simu nyingi zinaruhusu kurudisha picha ilivyokuwa kabla ya kukatwa. Ukipata ukuta halisi wa pikseli mia tatu, huo unazidi wa kubuniwa wowote. Na kama alipiga picha kadhaa mfululizo, huenda moja ina hilo gurudumu zima.

JuaKali, umegusa jambo la kweli, lakini halimsaidii yeye lilivyo. Prompti tupu inafaa kwenye Photoshop pale ukuta mtupu unapoendelea kuwa ukuta mtupu. Kwenye kiwiko kilichokatwa haifai, kwa sababu hapo kuna kitu cha kumalizia na modeli inabahatisha ni kitu gani. Na hiyo `denoise` ya 0.6 itampa doa la kijivu, nitaeleza chini.

---

Kipepeo_Tanga

Ilitumwa kwa WhatsApp mwaka jana, na simu iliyopiga imepotea. Hii ndiyo iliyopo.

---

mchora_mabango

Sawa, basi twende nayo.

Kosa la prompti yako ni kwamba umeipa amri. Modeli unayotumia haipokei amri. Imefundishwa kwa picha zilizoambatana na maelezo yake, kwa hiyo kila neno unaloandika inalichukua kama maelezo ya kilichomo ndani ya picha. "Linganisha mwanga" haielewi kama kazi ya kufanya. Inaona neno mwanga, inakuletea mwanga, na mwanga uliozoeleka kwenye picha za vyumba ni dirisha lenye jua. Ndiyo maana ukibadilisha maneno ya amri unapata dirisha jingine.

Zipo modeli nyingine, zile za kuzungumza nazo ukazielekeza "fanya hivi, acha vile". Hizo zinaelewa amri, ila nyingi zinachora upya picha nzima, pamoja na uso. Ukizitumia, rudisha picha ya asili juu kama leya na ukague uso wa mama kwa ukaribu, maana mara nyingi unakuwa wa mtu mwingine anayefanana naye.

Kwako wewe, andika kilichomo kwenye eneo tupu, kana kwamba picha pana tayari ipo na wewe unamsimulia mtu asiyeiona. Na usiandike prompti moja kwa pande mbili. Kulia ni ukuta, kushoto ni kiwiko na gurudumu, kwa hiyo hizo ni kazi mbili tofauti.

Halafu hesabu. Ukibakiza urefu wote wa 1350, upana wa 16 kwa 9 unakuwa 2400, maana yake unabuni pikseli 1320 kutoka kwenye picha ya 1080. Unabuni zaidi ya ulichonacho. Kata urefu kwanza: punguza pikseli 270, ibaki 1080 kwa 1080. Sasa unahitaji 840 tu kufika 1920. Kwa kuwa maandishi yanakaa kulia, zigawe 600 kulia na 240 kushoto.

Kichwa chake kiko karibu na ukingo wa juu? Kama ndiyo, zile 270 zitoe chini.

---

Kipepeo_Tanga

Ndiyo, kitambaa chake kinakaribia kugusa ukingo wa juu. Nimekata chini, miguu ya meza imeondoka, cherehani yote imebaki isipokuwa lile gurudumu. Kwa hiyo niache lile suala la "no window"?

---

mchora_mabango

Liache. Ukiandika "no window" kwenye prompti kuu, unakuwa umetaja dirisha. Modeli za namna hii hazishiki neno la kukanusha vizuri, na mara nyingi kilichokatazwa ndicho kinachotokea. SDXL ina kisanduku chake cha mambo usiyoyataka, orodhesha humo bila "no": `window, lamp, shelf, second person`. Modeli kama FLUX.1 Fill, kwa namna inavyotumika kawaida, haina kisanduku hicho. Huko unabaki na njia moja, kueleza kilichopo. Neno "ukuta mtupu" linafanya kazi kubwa kuliko makatazo kumi.

---

Bi_Lenzi

Mimi ni mpigapicha, hizo nodi sizijui, lakini hapa naona mnakimbilia maneno kabla ya kusoma mwanga wa picha. Kipepeo, naomba unijibu: ndani ya macho yake kuna ncha nyeupe iko upande gani, na ni ndogo au pana? Kivuli cha pua kina ukingo mkali au kinayeyuka? Chini ya cherehani, juu ya meza, kivuli kikoje? Na ukuta, je, una mwangaza sawa kutoka kushoto hadi kulia?

---

Kipepeo_Tanga

Nimekuza picha nikaangalia. Machoni kuna weupe mpana upande wa kushoto wa picha. Kivuli cha pua kinaelekea kulia, kinayeyuka, huoni kinapoishia. Chini ya cherehani kuna kivuli kizito lakini ukingo wake laini. Ukuta nimepima kwa kile kidole cha kuchukua rangi kwenye GIMP, sehemu ya chokaa: karibu na ukingo wa kushoto mwangaza ni kama 178 kati ya 255, karibu na ukingo wa kulia ni kama 142.

---

Bi_Lenzi

Basi picha imejieleza yenyewe. Hapo hakuna jua linalomfikia moja kwa moja. Yuko kivulini barazani, na anapata mwanga wa anga kutoka upande ulio wazi, kushoto kwa picha. Mwanga wa namna hiyo unatoka eneo pana, ndiyo maana vivuli havina ukingo. Ukiona modeli imeweka hata kipande kidogo cha jua ukutani, hata kama ni kizuri, ni cha uongo. Jua lingegonga ukuta huo, shavu lake lingeonyesha.

La pili ambalo watu wengi hawalitazami: mwanga huo unapungua kadiri unavyoingia ndani, mbali na upande ulio wazi. Kutoka 178 hadi 142 ndiyo huko kupungua. Modeli ikiendeleza ukuta kwa mwangaza uleule wa 142 hadi mwisho, au mbaya zaidi ikiuwasha tena kule kulia, jicho la mtazamaji litahisi kuna taa imefichwa. Lazima uendelee kufifia. Lakini usifikiri utaendelea kushuka kwa kasi ileile. Karibu na uwazi mwanga huanguka haraka, mbali zaidi huanguka polepole. Mwisho wa bango mimi ningetegemea kitu kama 128 hivi, siyo 120.

Na kile kivuli chake ukutani kilichokatwa kulia usikisahau. Kimeanza ndani ya picha, lazima kimalizikie kwenye sehemu mpya, kikizidi kuwa chepesi. Kikikatika ghafla pale kwenye kiungo, hakuna prompti itakayokuokoa.

---

mchora_mabango

Bi Lenzi, shikamoo. Umenirahisishia kazi.

Sasa tuje kwenye mistari. Mwanga unaweza kuutaja kwa maneno na modeli ikakuelewa kiasi. Mistari haitajiki. Unaweza kuandika "eye level, same perspective" mpaka kisanduku kijae, mstari wako wa rangi mbili bado utavunjika, kwa sababu neno halina pikseli ngapi juu wala ngapi chini. Mistari inachorwa.

Kipepeo, kwenye ile picha ya 1080 kwa 1080, pima mstari wa rangi ya kahawia na samawati uko pikseli ngapi kutoka juu, kwenye ukingo wa kushoto na kwenye ukingo wa kulia.

---

Kipepeo_Tanga

Kushoto 760, kulia 715. Yaani unapanda kidogo kuelekea kulia.

---

mchora_mabango

Vizuri. Ukuta haukupigwa uso kwa uso, unakwenda mbali na kamera kuelekea kulia. Mstari uko chini ya usawa wa kamera, kwa hiyo unapokwenda mbali unapanda. Kama juu kungeonekana ukingo wa paa, huo ungeshuka.

Mstari ulionyooka ukutani unabaki umenyooka kwenye picha, ilimradi lenzi haijapinda. Kwa hiyo ni hesabu ya mteremko tu: unapanda 45 ndani ya 1080. Ukienda kulia 600 zaidi, unapanda 25 zaidi, utafika 690. Ukirudi kushoto 240, unashuka 10, utakuwa 770.

Fanya hivi. Fungua turubai ya 1920 kwa 1080 kwenye GIMP au Krita, weka picha ikianzia pikseli 240 kutoka kushoto. Upande wa kulia paka rangi mbili kwa brashi pana, bila urembo: samawati juu, kahawia chini, mpaka kati yake ukitoka 715 pale picha inapoishia hadi 690 mwisho wa turubai. Samawati hiyo ifanye gradienti, kutoka 142 kwenda 128 aliyosema Bi Lenzi. Endeleza na kivuli cha mama kwa brashi laini. Halafu nyunyiza chenga kidogo juu ya rangi hiyo, kwa sababu rangi iliyo laini kabisa huzaa ukuta wa plastiki.

Sasa ile `denoise`. Nodi ya `VAE Encode (for Inpainting)` inafuta kilichopo chini ya maski na kuweka kijivu. Ukiitumia hiyo lazima `denoise` iwe 1.0. Ukishusha hadi 0.6 kijivu kinabaki, hilo ndilo doa nililosema. Na ulichopaka chote kinapotea. Badala yake tumia `InpaintModelConditioning`, ambayo inaanza na picha yako ikiwa na rangi ulizopaka, kisha weka `denoise` kati ya 0.8 na 0.9. Chini ya hapo unabaki na brashi yako, juu ya hapo mstari unaanza kutangatanga.

---

JuaKali_Eldoret

Sawa, hapo kwa `denoise` nimekupata, mimi nilikuwa nawaza ile ya kubadilisha picha nzima. Lakini nauliza, kwa nini asitie picha yote ya 1920 mara moja? Kompyuta ikiwa na nguvu si inaweza?

---

mchora_mabango

Kompyuta inaweza, modeli ndiyo inayoyumba. SDXL imefundishwa kwa picha za ukubwa wa karibu 1024 kwa 1024. Ukiipa 1920 kwa 1080, eneo hilo ni karibu mara mbili ya ililolizoea, na kule pembeni inaanza kuona kama picha nyingine. Hapo ndipo anapotokea mama wa pili na cherehani ya pili.

Mkato wa mraba unamfaa vizuri sana huyu dada. Kwa upande wa kulia, chukua pikseli 480 za mwisho za picha halisi na 600 ulizopaka, unapata 1080 kwa 1080. Fanya hiyo peke yake. Upande wa kushoto, chukua 240 mpya na 840 za picha halisi, tena 1080 kwa 1080. Ukimaliza rudisha kila kipande mahali pake.

Maski ya kulia iingie ndani ya picha halisi pikseli kama 40 na ukingo wake ulainishwe, ili kuwe na mahali pa kuunganisha. Isimguse mama.

Prompti ya kulia ningeandika hivi. Inabidi iwe Kiingereza kwa sababu modeli hizi zimefundishwa kwa maelezo ya Kiingereza, na Kiswahili zinakikatakata silabi silabi bila kukielewa:

```
woman at a sewing machine on a shaded veranda,
bare wall continuing to the right, peeling pale blue
limewash above, brown gloss paint below, one straight
edge between them, soft daylight from the left, wall
slowly darker to the right, sharp phone photo
```

Angalia mambo matatu humo. Mama ametajwa ingawa hachorwi, kwa sababu bega lake linaonekana kwenye kile kipande na modeli isipoambiwa ni nani itajaribu kulieleza kwa namna yake. Ukuta umetajwa kwa kitu ulichotengenezwa nacho, chokaa iliyobanduka, siyo "same background". Na mwisho nimesema picha ya simu iliyo wazi, kwa sababu modeli inapenda kutia ukungu nyuma ya mtu, na simu hii haikufanya hivyo. Ukiona chokaa ya picha halisi ina nyufa zinazoonekana na ile mpya imekuwa kama imefunikwa na mvuke, hilo neno limepuuzwa, rudia kwa namba nyingine ya `seed`.

---

BabaAnifa

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina picha ya harusi ya dada yangu, mpigapicha aliikata na shemeji yetu mkubwa aliyekuwa amesimama pembeni amebaki mkono tu begani mwa mtu. Shemeji ameshatangulia mbele za haki. Naweza kutumia njia hii kumrudisha? Prompti nimtaje jina na suti aliyovaa?

---

Bi_Lenzi

Pole sana BabaAnifa, Mungu amrehemu.

Hapana, haitamrudisha. Itachora mwanaume mwenye suti ambaye hajawahi kuwepo, na ukimtazama utajua si yeye. Jina halina maana yoyote kwa modeli. Mtafute mpigapicha wa harusi, wengi hutunza faili za asili kwenye diski kwa miaka, na aliyekata picha ya kuchapa mara nyingi anayo nzima. Waulize pia wageni waliopiga kwa simu zao siku hiyo. Kama kuna picha yake nyingine ya siku ileile, mtu wa Photoshop anaweza kumweka kwa mkono, na hapo atakuwa ni yeye kweli.

---

BabaAnifa

Nashukuru dada. Mpigapicha yupo Ilala, nitamfuata.

---

Kipepeo_Tanga

Wakuu, narudi na mrejesho.

Kulia kumekubali. Nilipaka kama alivyosema mchora_mabango, `denoise` nikaweka 0.85. Mstari umefika 690 umenyooka, chokaa imebanduka kwa namna inayofanana, kivuli cha mama kimeyeyuka taratibu. Mara ya kwanza kulitokea swichi ya umeme ukutani, nikabadilisha `seed` ikaondoka.

Kuna kitu kidogo tu: nikiangalia picha nzima naona kama ile sehemu ya katikati, picha ya asili, imepauka kidogo kuliko faili niliyoanza nayo. Na sikuigusa.

Kushoto bado ni balaa. Kiwiko sasa ni kiwiko, ila gurudumu la cherehani limekuwa na vijiti vilivyopinda, na mduara wake una kona.

---

mchora_mabango

Huko kupauka ni kwa sababu picha nzima ilipita kwenye VAE, ikafungwa na kufunguliwa tena, na kila pikseli ilibadilika kidogo hata pale ambapo hapakuwa na maski. Tiba ni kurudisha faili ya asili juu. Kwenye ComfyUI kuna `ImageCompositeMasked`, au fanya kwenye GIMP: kipande kipya chini, picha ya asili juu yake, leya ya juu ufute ukingo wake tu kwa brashi laini. Uso wa mama usitoke kwenye mashine hata siku moja, utoke kwenye faili yako.

Ukishaunganisha, kagua. Geuza picha kulia iwe kushoto uitazame, jicho limeshaizoea na linakuficha vitu. Halafu weka leya ya muda ya `Levels`, bana vishale viwili vikaribiane hadi kontrasti iwe kali ya kutisha. Kiungo ambacho hukukiona kitatokea kama ukanda. Kisha ifute leya hiyo.

Gurudumu sasa. Modeli inajua mkono wa binadamu kwa mamilioni ya picha, cherehani ya aina hiyo haijui kwa kiwango hicho, na mduara unaotazamwa kwa pembeni ni yai lenye kipimo kamili ambalo kosa dogo linaonekana. Mimi nisingeendelea kupigana nalo kwa prompti. Tafuta cherehani kama hiyo mtaani, ipige picha kivulini, mwanga ukitokea upande uleule, simu ikiwa kwenye kimo kilekile, kisha pachika gurudumu la kweli na uiache modeli ichore ukuta wa nyuma yake na sehemu ya kiwiko tu. Maski ya kiwiko iingie ndani ya mkono pikseli kama 60, ili ishike kitambaa cha nguo kinavyokwenda, na prompti itaje nguo hiyo: rangi, mikono mirefu au mifupi.

---

Bi_Lenzi

Au usipanue kushoto kabisa. Gurudumu libaki limekatwa na ukingo wa picha kama mpigapicha alivyolikata, na pikseli zote 840 ziende kulia. Picha nyingi nzuri zina kitu kilichokatwa na ukingo, hakuna anayelalamika. Mama atakaa kushoto kabisa, maandishi yatapata nafasi.

---

mchora_mabango

Inawezekana, lakini ukuta wa 840 ni mrefu. Lazima aufanye kwa hatua mbili, na hatua ya pili inasoma ukuta uliobuniwa badala ya ukuta halisi. Hapo ndipo rangi inaanza kuhama na chokaa inaanza kujirudia kama khanga. Mimi bado nasimama na 240 za kushoto.

---

Bi_Lenzi

Maandishi yatafunika nusu ya ukuta huo. Gurudumu bovu halitafunikwa na kitu. Na niseme jingine, Kipepeo: zile rafu za vitenge zilizotokea mwanzoni, hata zingekuwa na mwanga sahihi usingeziweka. Bango ni la kikundi, watu watatazama na kufikiri mama ana duka la vitambaa. Ukuta mtupu haumsingizii kitu.

---

Kipepeo_Tanga

Hilo la rafu nimelielewa, na mwenyekiti wa kikundi nimemweleza kwamba pembeni ni ukuta wa kuchorwa. Amekubali.

Nitajaribu zote mbili, ya gurudumu la kweli na ya 840 kulia, nitaweka hapa mzichambue. Swali la mwisho: nikikuza asilimia mia, picha halisi ina chenga za simu na ukuta mpya hauna. Nitie chenga wapi?

---

JuaKali_Eldoret

Tia picha yote. Chenga moja juu ya kila kitu inaunganisha. Mimi hufanya hivyo kila wakati na hakuna mteja amewahi kugundua.

---

mchora_mabango

Kwenye leya mpya peke yake, JuaKali. Ukitia yote, ile ya zamani inakuwa na chenga mara mbili na tofauti inabaki palepale. Tumia chenga zisizo na rangi, kiasi kidogo, asilimia moja hadi mbili kwenye kichujio cha kelele, halafu lainisha kidogo sana, kwa sababu chenga za picha iliyopita WhatsApp si kali, zimekwishasagwa na ule mbano.

---

JuaKali_Eldoret

Ile iliyobanwa na WhatsApp ina vijiraba pia, siyo chenga peke yake. Hivyo hauwezi kuvitia kwa kichujio. Ndiyo maana mimi hutia yote, kisha nahifadhi JPEG ya ubora wa chini kidogo, kila kitu kinabanwa pamoja.

---

mchora_mabango

Hapo kwenye vijiraba umesema kweli. Kuhifadhi pamoja kunasaidia. Kuhusu chenga bado sikubaliani nawe. Kipepeo, jaribu kwa njia zote mbili, weka kipande cha kiungo peke yake kwa asilimia mia, tukione.

---

Kipepeo_Tanga

Sawa wakuu. Kesho nikitoka kwa fundi wa Ngamiani mwenye cherehani kama ile, nitapandisha vipande vyote hapa.